Ubeti mmoja chini ya picha

Mshairi anapoweka picha Instagram, maneno ya chini yake huruhusiwa kufika herufi 2,200. Kiasi hicho chatosha shairi refu, lakini msomaji huonyeshwa mistari ya mwanzo tu, na mingine hufichwa mpaka aiguse. Kwa sababu hiyo ubeti mmoja wa tarbia, wenye mishororo minne ya mizani 16, unafaa sana pale. Mshororo wa kwanza ndio wenye kazi kubwa: lazima uwe na maana kamili hata usiposomwa wa pili.

Tuseme picha ni ya mashua iliyolala ubavu ufukweni wakati wa maji kupwa. Ubeti uliotungwa kwa mfano huu ni huu:

Maji yakishaondoka, chombo hulala topeni,
Nahodha hana haraka, ameketi kivulini;
Yakijaa atatweka, tanga lake la zamani.
Nawe ukikwama leo, ngoja maji yako yaje.

Vina vya kati ni -ka na vya mwisho ni -ni, kisha kituo kinavunja vina hivyo, jambo ambalo tarbia inaliruhusu. Kila kipande kina mizani nane. Nahodha na kivuli havimo pichani, na ndiyo maana vinafaa, kwani ubeti unaorudia kile ambacho jicho limeshakiona hauongezi kitu.

Kasoro iko kwenye kituo. Mishororo mitatu inatazama, wa nne unamgeukia msomaji na kumpa mawaidha, na hapo tafakuri inakatika. Mawaidha yana mahali pake katika ushairi wa Kiswahili, tena pa heshima, ila yanahitaji beti nyingi za kuyajenga. Katika ubeti mmoja husikika kama amri. Mshairi akijitia mwenyewe ndani, kituo kinakuwa:

Nami nimekwama leo, nami naketi ningoje.

Mizani haikupungua wala kuzidi, lakini sasa ni mtu anayesema na nafsi yake, na msomaji aliyekwama atajiona humo bila kuambiwa.

Baki la kazi ni mpangilio. Mshororo wa mizani 16 una herufi kama 40, na kwenye simu nyembamba hukatika ovyo katikati ya kipande cha pili na kushuka chini, kina cha kati kikapotea machoni. Dawa ni kuukata mwenyewe penye koma, ukwapi mstari wake na utao mstari wake. Alama za reli zikae chini kabisa, mbali na kituo.

Jina nalo lisiachwe kwenye akaunti peke yake, maana ubeti ukinakiliwa na kutumwa WhatsApp akaunti haifuatani nao. Watunzi wengi wa tenzi za kale walijitaja ndani ya beti za tamati. Katika ubeti mmoja nafasi hiyo haipo, kwa hiyo mshairi aandike jina lake mara tu baada ya kituo.