Viungo Vinavyoonekana na Kugusika

Kiungo ni neno au fungu la maneno linalomfikisha msomaji kwenye ukurasa mwingine, na sharti lake la kwanza ni kutambulika katikati ya maneno yaliyolizunguka. Kivinjari kisipopewa agizo lolote hukichora kwa buluu na kukipigia mstari chini. Wabunifu wengi wa tovuti huufuta mstari huo kwa kuona kwamba unaichafua aya, kisha wakaiachia rangi kazi yote. Rangi peke yake haitoshi, na jambo hilo linaweza kuthibitishwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe imo katika mwongozo uitwao WCAG, unaotolewa na W3C, shirika linaloweka kanuni za kiufundi za mtandao. Toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Mwongozo huo hupima tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili na kuieleza kwa uwiano. Rangi mbili zinazofanana kabisa zina uwiano wa 1 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ina 21 kwa 1, na hakuna uwiano mkubwa kuliko huo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma yake, ili hata mtu ambaye macho yake yamepungua nguvu aweze kuyasoma. Kiungo kilichomo ndani ya aya, iwapo kinatofautishwa na maneno mengine kwa rangi tu, kina sharti la pili: kifikishe 3 kwa 1 dhidi ya maneno hayo. Kwa hiyo rangi ya kiungo iko kati ya mipaka miwili. Ikikaribia mno weupe wa ukurasa haisomeki, na ikikaribia mno weusi wa maandishi haitambuliki.

Chukulia ukurasa mweupe wa habari wenye maandishi ya kijivu kilichoiva, #333333, rangi inayopendwa sana kwa kuwa si kali machoni kama nyeusi. Mbunifu amechagua viungo vya samawati, #3399FF, bila mstari. Dhidi ya maandishi, samawati hiyo ina uwiano wa 4.3 kwa 1, kwa hiyo inajitokeza vizuri. Dhidi ya ukurasa mweupe ina 2.94 tu. Anayesoma kwa simu juani, hata kama macho yake ni mazima, ataona maneno yamefifia hadi karibu kupotea. Mbunifu akiiongezea rangi uzito na kufikia #0066CC, uwiano dhidi ya weupe unapanda hadi 5.57 na usomaji unakuwa rahisi. Lakini dhidi ya maandishi ya kijivu unashuka hadi 2.27, na sasa kiungo kinamezwa na aya.

Kuendelea kujaribu rangi nyingine hakusaidii. Kijivu hicho kina uwiano wa 12.63 dhidi ya weupe, na uwiano huo ndio nafasi yote iliyopo ya kugawana. Ukitoa 4.5 kwa ajili ya kusomeka, yaani 12.63 igawanywe kwa 4.5, kinachobaki ni 2.8, pungufu ya 3 inayohitajika. Hakuna rangi yoyote, iwe kijani, nyekundu au zambarau, inayoweza kutimiza masharti yote mawili kwenye ukurasa huo. Maandishi yakiwa meusi kabisa nafasi hupatikana, ila ni nyembamba. Hata buluu ya asili ya vivinjari, #0000EE, hukwama hapo, kwa kuwa ina 9.4 dhidi ya weupe lakini 2.23 tu dhidi ya nyeusi.

Mstari wa chini unaondoa tatizo zima. Ukiwapo, sharti la pili halihitajiki tena, na rangi inabaki na wajibu mmoja wa kusomeka. Asiyetofautisha baadhi ya rangi anauona mstari sawasawa na mwenzake. Hoja kwamba mstari hukata herufi ilikuwa na uzito zamani, na Kiswahili kingeathirika kweli, maana g, j na y zenye mikia zimejaa katika maneno yake. Vivinjari vya sasa huuruka mkia wa herufi vyenyewe, na mstari unaweza kushushwa kidogo:

```css
a {
  color: #0066CC;
  text-decoration: underline;
  text-underline-offset: 0.15em;
}
```

Wengine huufanya mstari utokee pale tu mshale wa kipanya unapopita juu ya kiungo. Simu haina mshale, hivyo msomaji wake hatauona kamwe. Mahali panapostahimili kukosa mstari ni menyu ya juu au orodha ya kurasa, kwa sababu mpangilio wenyewe unaonyesha kwamba kila kilichopo hapo ni kiungo.

Wapo pia wasomaji wasiotumia kipanya wala kidole. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka, au aliyevunjika mkono, husogea kwa kitufe cha Tab kwenye kibodi, kiungo kimoja baada ya kingine, kisha hubonyeza Enter. Kivinjari humzungushia kiungo alichofikia fremu ili ajue alipo. Agizo moja fupi, `outline: none`, huifuta fremu hiyo, na mara nyingi huandikwa kwa sababu mtu aliiona imetokea baada ya kubofya na hakupendezwa nayo. Aliyetegemea kibodi hapo huwa amepotea kabisa: anabonyeza Tab na hakuna kinachobadilika mbele yake. Dawa ni `:focus-visible`, inayokiachia kivinjari kionyeshe fremu kwa anayetumia kibodi bila kumsumbua anayebofya kiungo kwa kipanya:

```css
a:focus-visible {
  outline: 3px solid #1A1A1A;
  outline-offset: 2px;
}
```

Fremu nayo inahitaji uwiano wa angalau 3 kwa 1 dhidi ya kilichoizunguka. Buluu hafifu juu ya nyeupe ni sawa na kutokuwa nayo. Kasoro nyingine hujificha zaidi: kichwa cha ukurasa kilichogandishwa juu ya skrini hufunika kiungo kilichofikiwa, fremu ikawapo lakini haionekani. Kuigundua ni rahisi. Kipanya kiwekwe pembeni, ukurasa upitwe kwa Tab toka juu hadi chini, kisha urudiwe kwa Shift na Tab.

Kwenye simu swali ni ukubwa. WCAG 2.2 inataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24 katika ngazi yake ya kati, na 44 kwa 44 katika ngazi ya juu. Pikseli hizi ni za kipimo cha CSS, si nukta halisi za skrini. Kwenye simu nyingi 24 ni chini kidogo ya milimita 4, na 44 ni takriban milimita 7, upana ulio karibu zaidi na ncha ya kidole. Mwongozo wa Apple unataka 44, na wa Android unataka 48. Kinachopimwa ni eneo linalopokea mguso, wala herufi hazilazimiki kukuzwa:

```css
nav a {
  display: block;
  padding: 12px 16px;
  line-height: 24px;
}
```

Mstari mmoja wa menyu hiyo unafika pikseli 48 kwa kimo. Viungo vilivyo ndani ya sentensi vimesamehewa kipimo hicho, kwa kuwa urefu wake hutegemea nafasi ya mistari ya aya. Hata hivyo, aya yenye viungo viwili vilivyopandana, kimoja mstari wa juu na kingine chini yake, humfungulia msomaji ukurasa asioutaka. Kuongeza `padding` hapo hakuisogezi mistari. Kutayafanya maeneo ya kugusa yapishane tu. Kinachofaa ni kuongeza `line-height` ya aya hadi 1.6 hivi, au kuviondoa viungo hivyo kwenye sentensi na kuvipanga katika orodha.