Uamuzi wa Mwanafunzi Anayeishi Geto

Vijiji vingi vya Uluguru viko juu mlimani, na shule za sekondari za kata nyingi ziko chini, karibu na barabara. Mtoto anayetoka milima ya juu ya Matombo au Mkuyuni hawezi kushuka na kupanda kila siku akawahi kipindi cha kwanza. Shule ikikosa hosteli, mzazi anapanga chumba jirani na shule, na humo wanakaa wanafunzi wawili au watatu. Wenyewe wanakiita geto. Mkaaji wake ana miaka 14 au 15. Anajipikia, anapanga mwenyewe saa ya kusoma na ya kulala, na chakula chake kinategemea mkungu wa ndizi utakaouzwa nyumbani wiki hiyo.

Ukitaka kujua kama elimu ya stadi za maisha inafanya kazi, mtazame mwanafunzi huyu, kwa sababu anaamua peke yake mambo ambayo wenzake wa nyumbani huamuliwa na mama.

Shirika la Afya Duniani lilizitaja stadi kumi za msingi katika miaka ya 1990, miongoni mwao kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kujitambua na kuhimili mihemko. Kwetu hazikupewa somo lake. Zilitiwa ndani ya masomo mengine, na sehemu kubwa ilikaa kwenye Uraia, ambako kidato cha kwanza kilikuwa na mada nzima ya mwenendo mwema na uamuzi wenye kuwajibika. Lakini Uraia ulifundishwa kwa Kiingereza, kwa mtoto aliyetoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, na mtihani ulimtaka aeleze maana ya stadi na kuorodhesha aina zake. Akakariri, akapata alama, akarudi geto. Mtaala mpya, uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo Toleo la 2023, umeleta Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Kikwazo cha lugha kinaondoka. Cha kukariri kinaweza kubaki palepale.

Kwamba kujua hakutoshi, Tanzania ina ushahidi wake. Mkoani Mwanza, kuanzia 1999, mradi wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi. Jamii 20 zilishiriki: nusu zilipata mafunzo na nusu zikawa za kulinganisha. Walimu waliandaliwa vizuri na wanafunzi wakaigiza darasani. Baada ya miaka mitatu maarifa yalikuwa yamepanda kweli, na hata misimamo ambayo vijana waliitaja kwa mdomo ilikuwa imebadilika. Vipimo vya damu, hata hivyo, havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yamepungua. Vijana walipofuatiliwa tena mwaka 2007 na 2008, jibu lilikuwa lilelile.

Magharibi mwa Kenya, mtafiti Pascaline Dupas alijaribu kitu kidogo zaidi. Wasichana wa darasa la nane walipewa kipindi kimoja cha dakika 40. Hawakuambiwa waache mapenzi. Walionyeshwa ubaoni kiwango cha VVU kwa wanaume kulingana na umri, wakaona kwamba mwanaume mtu mzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa asilimia 28 ikilinganishwa na shule ambazo hazikupata kipindi hicho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Ninavyoyasoma mimi, wasichana walipewa taarifa iliyogusa uchaguzi uliokuwa mbele yao hasa: kati ya huyu na yule, yupi ana hatari zaidi.

Tuje sasa Morogoro, tuuchukue mfano mmoja na kuupitisha darasani. Binti wa kidato cha pili yuko geto. Ni Jumatano, unga umekwisha, na fedha ya nyumbani itashuka Jumamosi. Dereva wa bodaboda anayembeba mara kwa mara amekuwa akikataa nauli kwa wiki mbili zilizopita, na leo ameleta chipsi na simu ndogo: "Utanipigia ukikwama."

Mwalimu aliyezoea atauliza, "Afanye nini?" Darasa zima litajibu kwa sauti moja, "Akatae!" Hapo kipindi kimekufa. Wanafunzi 40 wakitoa jibu moja ndani ya dakika moja, ujue wamemjibu mwalimu na binti wamemwacha na njaa yake.

Kipindi kinachofanya kazi kinaanza kwa kulitaja tatizo kwa sentensi moja, na hapo ndipo kazi ilipo. Wengi wataandika kwamba tatizo ni bodaboda. Waache wabishane mpaka mmoja aseme kwamba tatizo ni siku tatu bila chakula. Sentensi ikibadilika, machaguo yanabadilika pia: kukopa unga kwa mwenzake wa chumba, kumwambia mwalimu wa malezi, kumpigia mama kwa simu ya mwenye nyumba, kula kwa shangazi aliye mjini, kupokea chipsi na kurudisha simu, au kupokea vyote. Kila chaguo wanaliuliza maswali mawili: kesho kutakuwaje, na mwisho wa muhula kutakuwaje? Chaguo la kupokea lisifutwe ubaoni. Kesho yake ni nzuri sana, na mwanafunzi anayelipima kwa uaminifu ataona mwenyewe deni linavyokua.

Kisha waigize, na anayeigiza dereva asikubali kukataliwa mara ya kwanza. Ashawishi, akikataliwa alalamike, akikataliwa tena amkumbushe nauli zote alizomsamehe. Sentensi ya tatu ya kukataa ndiyo ngumu, na lazima mwanafunzi aitamke kwa kinywa chake. Sababu ni ya kibaiolojia. Mwanasaikolojia Laurence Steinberg na wenzake wameonyesha kwamba kijana wa miaka 16, akiwa ametulia, hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Moyo ukimwenda mbio au akizungukwa na marafiki, anaiendea hatari upesi kuliko mtu mzima. Hali ya geto ni ya pili. Maneno aliyokwisha kuyazoea yatamjia kabla ya hoja.

Walimu wanaopanda Uluguru wakilalamikia unyago wangefaa kuutazama kwa jicho hili la mazoezi pia. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mwali huwekwa ndani akafundwa na wanawake. James Brain aliandika kuhusu unyago huo mwaka 1978. Mafunzo ya unyago huimbwa, huchezwa na kurudiwa, ndiyo maana hayasahauliki. Mgongano uko kwenye ujumbe: mwali anatoka ndani akiambiwa amekua, kisha anaingia darasani anakohesabiwa mtoto. Mwalimu asiyejua kwamba baadhi ya wasichana wa darasa lake wamekwisha kufundwa atazungumzia uamuzi wa kitoto kwa watu waliokwisha kuvishwa utu uzima.

Wavulana wasitolewe nje wakati wa kipindi hiki. Dereva wa mfano wetu huenda alimaliza kidato cha nne shule hiyohiyo, na wengi hawajui kwamba tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Nao wasichana wengi bado wanaamini mimba inafunga mlango wa shule, ingawa tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu kurudi baada ya kujifungua. Binti asiyelijua hilo huamua kwa hofu: anaficha, anatoroka, au anajitoa mimba kwa njia inayoweza kumuua.

Baada ya wiki tatu mwalimu arudi na swali moja lisilohitaji jina, liandikwe kwenye karatasi: tangu siku ile, ni nani uliyemwomba msaada kabla mambo hayajaharibika? Karatasi nyingi zikirudi tupu, tatizo haliko kwenye stadi. Machaguo yaliyoandikwa ubaoni hayakuwapo nje ya darasa: mwalimu wa malezi hapatikani, mwenye nyumba hana simu, na shule haina hata orodha ya wanafunzi wake wanaoishi mageto. Orodha hiyo mkuu wa shule anaweza kuiandika wiki ya kwanza ya muhula, pamoja na jina la mtu mzima mmoja kwa kila chumba.