Mwalimu wa Kujitolea Anapoacha Kufundisha



Hapa Kizota, kama ilivyo mahali pengi Dodoma, darasa la kisomo huanza na furaha. Wanakisomo wanajiandikisha, mwalimu wa kujitolea anapatikana, ubao unaazimwa shuleni. Baada ya miezi michache mwalimu anaanza kuchelewa. Kisha anamtuma mtoto aje kusema, "Baba leo hawezi." Halafu haji tena, na darasa linakufa.

Watu husema kwamba mwalimu yule ni mvivu. Sisi tunaosimamia madarasa tumejifunza kwamba mara nyingi sivyo. Mara nyingi kosa ni la sisi tuliomwomba kazi. Tulimpa kazi isiyo na mipaka.

Tazama kazi mbili za zamani

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili. Kisha walikwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Viongozi wa vikundi walikuwa kama 75,000, na watu walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Kiongozi alijua kazi yake: kukusanya kikundi, kusoma kwa sauti na kuongoza mazungumzo. Alijua pia mwisho wake, maana kampeni ilikuwa ya wiki 12 tu, tena wakati wa kiangazi.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na walimu wa kujitolea wa kisomo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu hao walifanya kazi kubwa, na mamilioni ya watu walijua kusoma. Lakini kazi yao haikuwa ya wiki 12. Iliendelea mwaka baada ya mwaka, masika na kiangazi. Waliahidiwa kifuta jasho cha shilingi 30 kwa mwezi, na mahali pengine fedha hizo zilichelewa sana. Wengi wakaacha.

Kujitolea kulikuwa kulekule. Tofauti ilikuwa katika kazi yenyewe: moja ilikuwa na mwisho, nyingine haikuwa nao.

Hesabu saa zote

Tuchukue mfano. Tuseme mtaa unamwomba mama mmoja afundishe jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni. Anaambiwa, "Ni masaa sita tu, mama." Naye anakubali.

Sasa tuhesabu vizuri. Kufundisha ni saa 6. Kwenda darasani ni nusu saa, kurudi nusu saa. Kwa siku tatu hizo ni saa 3. Kutayarisha somo ni nusu saa kila mara, yaani saa moja na nusu. Kujaza daftari la mahudhurio na kuwapitia nyumbani wasiofika ni saa moja na nusu nyingine. Jumla ni saa 12. Tulimwomba saa 6, tukamchukulia 12. Huyu mama ana watoto, ana maji ya kuchota, ana shamba. Tutashangaa akichoka?

Basi tuigawe kazi hiyo kwa watu watatu. Walimu wawe wawili. Wiki hii wa kwanza afundishe siku mbili na wa pili siku moja. Wiki ijayo wabadilishane. Siku moja ya darasa, pamoja na njia na matayarisho, ni saa tatu na nusu. Kwa hiyo mwalimu atatoa saa 7 wiki moja, na saa tatu na nusu wiki inayofuata. Mtu wa tatu awe mtunza daftari. Huyu anaweza kuwa mwanakisomo anayejua tayari kuandika majina na tarakimu. Yeye ndiye atakayejaza mahudhurio na kuwapitia waliokosa.

Kazi ya kila mmoja iandikwe kwenye karatasi: atafanya nini, siku gani, saa ngapi, na mpaka lini. Iandikwe pia kazi isiyo yake. Kwa mfano, mwalimu hatafuti chaki wala mafuta ya taa. Hiyo ni kazi ya kamati.

Angalia majira

Kwetu Dodoma mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Wakati wa kupalilia mtama na uwele, mwenye shamba hawezi kukaa darasani jioni tatu. Mwalimu hawezi, na wanakisomo nao hawawezi. Ni afadhali kupatana mapema kwamba darasa litakuwa siku moja kwa wiki, au litafungwa mpaka baada ya mavuno. Darasa lililofungwa kwa mapatano hufunguliwa tena. Darasa lililokufa lenyewe ni vigumu kulifufua.

Tunashauri muda wa kujitolea uwe wiki 12. Zikiisha, kamati imwulize mwalimu kama anaendelea au anapumzika. Akisema anapumzika, asilaumiwe. Ametimiza ahadi yake.

Asante isiwe ya maneno matupu

Tumejifunza kwamba ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko ahadi kubwa inayochelewa. Kama mtaa hauna fedha, useme hivyo tangu mwanzo. Usiseme "tutaona."

Viko vitu vingine vya kutoa. Mkutano wa mtaa unaweza kukubali kwamba mwalimu asamehewe zamu ya kazi za pamoja, kama kuchimba mtaro, kwa muda anaofundisha. Hiyo ni asante yenye uzito, kwa sababu inamrudishia saa zake. Jina lake lisomwe mkutanoni, na isemwe alichofanya: "Amefundisha wiki 12, na watu 9 sasa wanasoma barua." Apewe pia barua yenye mhuri. Kijana anayetafuta kazi ataitumia.

Lakini tuseme ukweli. Kazi inayotaka mtu kila siku, mwaka mzima, si ya kujitolea tena. Hiyo ni ajira. Mtaa utafute posho, au uipunguze kazi.

Mtu akiondoka

Watu wataondoka tu. Mmoja ataolewa, mwingine atapata kibarua mjini, mwingine ataugua. Tusingoje siku hiyo.

Dalili huonekana mapema kwenye daftari. Nafasi tupu mbili au tatu kwa mwezi, somo lilelile kurudiwa, mwalimu kufika giza limeingia. Ukiona hivyo, mtembelee nyumbani. Usiende na lawama. Uliza: "Ndugu, kipi kimekuwa kizito?" Huenda ni siku moja tu inayomsumbua, na siku hiyo inaweza kubadilishwa.

Anayetaka kuacha atoe taarifa wiki mbili kabla. Katika wiki hizo mwalimu mpya akae naye darasani. Kuwe na daftari la makabidhiano lenye mambo matatu: somo tulipofika, nani anasoma vizuri na nani bado, vifaa gani vipo na viko kwa nani. Ukurasa mmoja unatosha. Bila ukurasa huo mwalimu mpya ataanza tena na a-e-i-o-u, na wanakisomo waliokwisha kuvuka hapo wataona aibu na kubaki nyumbani.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa au kijiji chenu, ni kazi gani ya kujitolea imemwangukia mtu mmoja? Hesabuni saa zake zote kwa wiki.
2. Kazi hiyo inaweza kugawanywa kwa watu wangapi?
3. Mtu huyo akiondoka kesho, nani anajua alipofika?