Ukuta mmoja, ramani nzima

Ramani nyingi za nyumba zinazozunguka mitaani ni kivuli. Mchoro wa awali ulikuwa kwenye karatasi ya A3, mtu akautoa kivuli cha A4 ili kupunguza gharama, na namba za vipimo zikafifia hadi hazisomeki. Kilichobaki ni mistari ya kuta na maandishi ya pembeni yanayosema skeli ni 1:50. Maandishi hayo sasa ni ya uongo, kwa sababu mchoro umesinyaa lakini maneno hayakubadilika.

Tuseme nyumba ina wapangaji na chumba unachoweza kuingia ni sebule peke yake. Hicho kinatosha. Pima ukuta mmoja wa sebule kwa futikamba, kona hadi kona, upate mita 4.20. Kabla ya kwenda kwenye karatasi, jiulize umepima nini hasa. Futikamba imegusa plasta, ilhali kwenye ramani nyingi mistari ya ukuta huonyesha uso wa tofali, kabla ya plasta. Kama plasta ina unene wa milimita 15 kila upande, ongeza milimita 30. Urefu wa kutumia ni milimita 4,230.

Sasa chukua rula, upime ukuta uleule kwenye karatasi, kutoka mstari wa ndani hadi mstari wa ndani. Umepata milimita 60. Gawanya 4,230 kwa 60, jibu ni 70.5. Maana yake kila milimita moja ya karatasi hii ni milimita 70.5 za nyumba. Na jibu hilo linaingia akilini: A3 ikishushwa kuwa A4, urefu hubaki kama asilimia 71, kwa hiyo 1:50 hugeuka kuwa karibu 1:71.

Chumba cha kulala ambacho hukuingia kina milimita 51 kwa 42.5 kwenye karatasi. Zidisha kwa 70.5: ni kama mita 3.60 kwa 3.00, yaani mita za mraba 10.8. Aliyeamini ile 1:50 angepata mita 2.55 kwa 2.13, eneo la mita za mraba 5.4 tu. Angenunua nusu ya vigae vinavyohitajika.

Ukuta wa kupima uwe mrefu kuliko yote unayoweza kuifikia. Jicho la kawaida kwenye rula hukosea nusu milimita. Kwenye ukuta wa milimita 60, kosa hilo halifiki asilimia 1, na kwa nyumba yenye urefu wa mita 12 ni kama sentimita 10. Ukipima kaukuta ka stoo kenye milimita 17 karatasini, nusu milimita ileile ni karibu asilimia 3, na nyumba nzima itakosewa kwa sentimita 35.

Lakini ukuta mmoja hutosha pale tu mchoro uliposinyaa sawasawa kila upande. Nakala nyingine huvutwa upande mmoja, na kipimo kimoja hakiwezi kukuambia hilo. Ushahidi upo kwenye milango. Mlango huchorwa kwa mstari wa ubao ukiwa wazi, pamoja na robo duara inayoonyesha unavyofunguka. Pima kutoka bawabani hadi ncha ya ubao, kisha kutoka bawabani hadi upande wa pili wa tao. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Visipolingana, na tao likaonekana limebonyea kama yai, mchoro umevutwa, na itabidi utafute ukuta wa pili unaokwenda upande mwingine, kila upande uwe na skeli yake.

Picha iliyopigwa kwa simu kwa pembe ni mbaya zaidi, kwa sababu skeli hubadilika kutoka sehemu moja ya karatasi hadi nyingine. Pima kingo za karatasi pichani: zinazotazamana zikitofautiana, ipige upya ukiwa juu yake moja kwa moja.

Anayetumia AutoCAD hana haja ya kugawanya. Akishaingiza picha, huandika `SCALE`, huichagua, huweka nukta ya msingi, huandika `R`, hubofya ncha mbili za ukuta unaojulikana, kisha huandika `4230`. Mchoro wote hukaa kwenye urefu halisi kwa milimita. Hata hivyo kompyuta hufuata ulipobofya, kwa hiyo kuza picha kwanza ili ubofye kona yenyewe.

Vipimo vya namna hii vinafaa kukadiria vigae, rangi na mahali pa kuweka kabati. Fremu za madirisha usiziagize kwa hesabu hii. Fundi apime kila tundu kwa futikamba.