Karatasi ya Usiku Mzito

Familia nyingi za mwambao zina mtu wao Busia au Malaba. Huyu ni dereva wa lori anayengoja zamu ya kuvuka kuingia Uganda. Yule ni binti aliyeolewa huko na kufungua duka la madera. Wiki hii tunamzungumzia binti huyo, na jambo linalosemwa kwa minong'ono majumbani mwetu: saa ambayo mtu huona heri afe.

Wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, walitunga waraka mfupi uitwao mpango wa usalama. Msingi wake ni kwamba wimbi la kutaka kujidhuru hupanda kisha likashuka. Likiwa juu, akili haioni njia. Kwa hiyo njia huandikwa mapema, wakati wa utulivu, kwa maneno ya mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wagonjwa wa dharura walioandikiwa mpango huo, kisha wakafuatiliwa kwa simu, walipungukiwa na matendo ya kujidhuru kwa karibu nusu katika miezi 6.

Tumchukue dada wa mfano, mzaliwa wa Likoni anayeishi Malaba. Mtaji umekatika, chama kinamdai, na mume yu safarini. Anaketi na wifi yake nusu saa hivi, na karatasi moja.

Wanaanza na dalili. Kuandika "huzuni" hakufai, kwani huzuni huja kila siku. Wifi anamwuliza, "Siku ile mbaya ilianzaje?" Anakumbuka kwamba alizima simu tangu adhuhuri, akaacha kula, kisha akaanza kujiambia kuwa watoto watalelewa vyema zaidi na bibi yao. Hayo matatu ndiyo yanayoandikwa, na likitokea moja tu, karatasi hufunguliwa.

Yafuatayo ni mambo ya kutuliza nafsi anayoyaweza peke yake. Dada ameandika: kutawadha kwa maji baridi, kisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa polepole kwa hesabu ya 6, mara 10. Wifi anahoji, "Saa nane za usiku utaweza kweli?" Bomba liko uani, naye huogopa kutoka gizani, wanaafikiana kuwa ndoo ya maji ilale ndani. Wengi wetu tungeandika "nitaswali" na kuishia hapo. Lakini siku za hedhi je? Ndiyo maana anaongeza nyiradi anazozijua kwa moyo, azisome kwa sauti.

Wimbi lisiposhuka, asibaki peke yake. Karatasi hutenganisha watu wa aina mbili: jirani wa kuketi naye kibarazani bila kumweleza lolote, na wale wa kuambiwa wazi. Dada amewachagua wifi na mama yake mdogo aliye Mombasa. Wote wawili wameombwa ruhusa kabla, na wameambiwa maneno yatakayotumika: "Leo siko salama, njoo" au "kaa nami kwenye simu." Mtu asiyejua kuwa jina lake limeandikwa huenda asipokee simu usiku.

Katika namba ndipo mpaka unapoleta tatizo lake. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ni fupi na haina malipo, lakini imetengenezwa kwa laini za Kenya. Akiwa upande wa pili na laini ya Uganda mkononi, asiitegemee. Kwa hiyo anaandika pia namba kamili ya Befrienders Kenya, +254 722 178 177. Ni vyema azijaribu zote mchana mmoja wa utulivu, ajue saa za kupokelewa.

Sehemu ya mwisho ni nyumba yenyewe. Dawa za shambani na akiba ya vidonge huhamishiwa kwa wifi, au hufungiwa na ufunguo ukae naye. Twaiona ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, kwa kuwa huleta haya. Nayo ndiyo humpa mtu muda hadi wimbi lipite.

Karatasi hii ina mpaka wake. Aliyekwisha kuazimia, au aliyekwisha kujidhuru, hapaswi kuketishwa aandike. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali iliyo karibu, kama ile ya rufaa ya kaunti mjini Busia. Wengine waliogopa kusema ukweli hospitalini kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Dada anapiga picha karatasi, nakala moja anamtumia wifi, na ya asili anaikunja ndani ya kava la simu. Mume akirudi wataisoma tena pamoja, kwani chama kikilipwa au laini ikibadilishwa, baadhi ya mistari haitafaa tena.