Dhahabu ya Waashanti: Iliyorudi na Iliyoazimwa

Februari 2024, Kasri la Manhyia mjini Kumasi, Ghana, lilipokea vitu saba kutoka Jumba la Makumbusho la Fowler, Los Angeles. Miongoni mwake mlikuwa na usinga wa mkia wa tembo, kiti cha heshima na mkufu wa dhahabu. Vilikabidhiwa moja kwa moja, bila sharti lolote. Kabla Mei haijaingia vikafika vingine 32 kutoka majumba mawili ya London, la Uingereza na la Victoria na Albert. Hivi vilikuja na mkataba wa azima wa miaka mitatu.

Sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka Kumasi kwa vita vile vile. Februari 1874 jeshi la Jenerali Garnet Wolseley liliuteka mji, likapora kasri la Asantehene Kofi Karikari, kisha likalilipua na kuuchoma mji. Nyara zilipigwa mnada ili askari wagawiwe fedha, na nyingine zikauzwa London na sonara Garrard. Juu ya hayo, Waashanti walitozwa fidia ya wakia 50,000 za dhahabu, yaani walioporwa ndio waliolipishwa gharama za kuporwa! Kati ya vitu saba vya Fowler, vinne viliporwa kasrini na vitatu vilitolewa kama sehemu ya fidia hiyo.

Leo jambo hilo lingegongana na Mkataba wa The Hague wa 1954, uliozaliwa baada ya uporaji wa Vita Kuu ya Pili. Unakataza majeshi kupora au kutaifisha mali ya utamaduni. Itifaki yake ya kwanza inaagiza kwamba mali iliyotolewa katika nchi iliyokaliwa kijeshi irudishwe vita vikiisha, na inapiga marufuku kuishikilia kama fidia ya vita.

Lakini mkataba huo hautazami nyuma. Uingereza yenyewe ilijiunga nao mwaka 2017, na ya 1874 yakabaki nje.

Kwa hiyo mwenye kuamua ni sheria ya nchi inayoshikilia kitu. Sheria ya Bunge ya 1963 inawabana wadhamini wa Jumba la Uingereza: hawawezi kutoa kitu isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano kikiwa na nakala yake au kimeharibika. Jumba la Victoria na Albert limefungwa na sheria ya 1983. Fowler, lililo chini ya Chuo Kikuu cha California, halina kizuizi cha namna hiyo. Lilichunguza historia ya vitu vyake, likaridhika kwamba si vyake, likavirudisha.

Azima ina mtego wake. Anayetia saini ya kuazima anaweza kuonekana amekiri kwamba mwenye mali ni mwazimishaji, na ndiyo maana Waghana wengi waliupinga mpango huo. Muda wa awali unakwisha 2027. Mkataba unaruhusu kuongeza miaka mitatu mingine.