Kushuka Bondeni Ndani ya Ukungu

Ukishikwa na ukungu mzito juu ya milima ya Usambara, huna ramani na mkono ukiunyoosha huuoni, bado kuna jambo moja unaloweza kulijua: ardhi chini ya miguu yako imeinamia upande gani. Unapapasa kwa mguu huku na huku, unaupata upande unaoshuka kwa ukali zaidi, unapiga hatua moja, kisha unapapasa upya. Programu za siku hizi zinazotambua sauti ya mtu au kutafsiri maandishi zimefunzwa kwa mwendo huu. Mlima wenyewe umetengenezwa kwa hesabu, na mtembezi ni kompyuta.

Tuchukue hesabu ndogo ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Tunataka kukisia nauli ya bodaboda kwa kujua umbali tu, na tuna safari tatu za kujifunzia. Aliyekwenda kilomita 1 alilipa shilingi 600, wa kilomita 2 alilipa 800, wa kilomita 3 alilipa 1,600. Kanuni yetu iwe nyepesi kabisa: zidisha kilomita kwa bei fulani ya kila kilomita. Kinachotafutwa ni namba moja tu, hiyo bei. Lakini safari hizi hazikubaliani. Ya kwanza inadai bei iwe 600, ya pili 400, ya tatu kama 533. Bei ya kuziridhisha zote tatu haipo, kwa hiyo tunatafuta itakayokosea kidogo kuliko nyingine.

Hapo ndipo tunapohitaji kipimo cha kosa. Kwa kila bei tunayoijaribu, tunakisia nauli za safari zote tatu, tunaangalia kila kisio limepotoka kiasi gani, kisha tunageuza mapotoko hayo kuwa namba moja. Kuyajumlisha yalivyo hakufai, kwa kuwa kisio lililozidi kwa 200 na lililopungua kwa 200 yangefutana, nasi tungeambiwa hakuna kosa. Dawa ya siku nyingi ni kuzidisha kila potoko kwa lenyewe, kisha kuchukua wastani. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha njia hii mwaka 1805, katika kitabu cha kukokotoa njia za nyota zenye mkia, na mpaka leo ndiyo inayotumika kuliko zote katika kazi za aina hii.

Sasa mlima umepatikana. Kila bei ni mahali pa kusimama, na kosa lake ndilo kimo cha mahali hapo. Tuhesabu kwa maelfu ya shilingi ili namba zisiwe ndefu. Tukianza kwa bei ya sifuri, kila kisio ni sifuri, na wastani wa makosa yaliyozidishwa kwa yenyewe ni 1.19. Hatujui bonde liko wapi, ila hesabu inaweza kutuambia mwinamo wa pale tuliposimama: tukiongeza bei kidogo tu, kosa litapanda au litashuka, na kwa ukali gani. Kwenye sifuri mwinamo ni 4.67 kushuka kuelekea bei kubwa. Basi twende huko.

Twende mbali kiasi gani? Kwa kawaida mwinamo huzidishwa kwa namba ndogo anayoichagua mtu, na jibu ndilo urefu wa hatua. Tuchague 0.05. Hatua ya kwanza inatupeleka shilingi 233 mbele. Tunapapasa tena na kukuta mteremko umepoa, hatua ya pili inakuwa 124 tu, na tunafika 358. Ya tatu ni 66, tunafika 424. Ya nne inatufikisha 460, ya tano 478. Kosa nalo limekuwa likishuka: kutoka 1.19 hadi 0.35, kisha 0.11, kisha 0.05. Hakuna aliyeiambia kompyuta ipunguze mwendo. Karibu na bonde ardhi inazidi kuwa tambarare, na kwa kuwa hatua inatokana na mwinamo, inajifupisha yenyewe. Mwendo huu unatua kwenye shilingi 500. Hata hapo kosa si sifuri, ni 0.02, na hakuna hatua itakayoliondoa, kwa sababu safari zenyewe hazikubaliani. Pa chini kabisa si lazima pawe sifuri.

Hiyo namba ya kuamua urefu wa hatua ndiyo inayowatesa wafunzaji wa mitambo. Tungechagua 0.001 badala ya 0.05, hatua kumi zingetufikisha shilingi 45 tu. Tukichagua 0.25, tunapata msiba wa namna nyingine. Hatua ya kwanza inaruka bonde lote na kutua kwenye 1,167, juu kuliko tulikotoka. Mwinamo wa huko ni mkali zaidi na umegeuka, kwa hiyo hatua ya pili inaruka kurudi mpaka bei ya shilingi 389 chini ya sifuri, yaani dereva ndiye amlipe abiria. Ya tatu inatua kwenye 1,685. Kosa linapanda kutoka 1.19 hadi 2.09, hadi 3.71, hadi 6.58, na ukiiacha kompyuta iendelee, mwishowe kioo kitaandika `inf`, halafu `nan`, maana namba zimekuwa kubwa kupita uwezo wake wa kuziandika. Ndiyo sababu anayefunza mtambo huangalia mchoro wa kosa kila mara. Ukishuka kwa kujikokota, hatua ni fupi mno. Ukiyumba juu na chini au kupaa, ni ndefu mno. Kwa bodaboda zetu mpaka uko kama 0.214, nasi tunaujua kwa kuwa mlima ni mdogo na umbo lake tunalo mkononi. Kwenye mitambo mikubwa hutafutwa kwa kujaribu.

Msomaji mwangalifu atauliza kwa nini tujitaabishe hivi. Bei ni namba moja tu, si tujaribu kila bei kutoka shilingi 1 hadi 1,000 na kuchagua yenye kosa dogo? Kwa namba moja, ndiyo, na ingekuwa rahisi zaidi. Lakini tuongeze namba ya pili, tuseme ada ya kupanda kabla pikipiki haijaondoka, nayo tuijaribu kwa viwango elfu moja. Majaribio yanakuwa milioni. Namba ya tatu inayafikisha bilioni. GPT-3, mtambo wa lugha uliotoka mwaka 2020, una namba bilioni 175 za namna hii ndani yake, na hakuna kompyuta itakayowahi kuzunguka mlima wenye pande bilioni 175 ikikagua kila mahali. Ukungu ninaousema ni huo. Kila unapokokotoa, unapata kimo na mwinamo wa mahali uliposimama, basi. Kwingine kote hukuoni.

Mfaransa mwingine, Augustin-Louis Cauchy, ndiye aliyeiandika njia ya kufuata mwinamo mwaka 1847. Alikuwa akitafuta namna ya kukokotoa njia ya sayari angani, kazi yenye namba sita zisizojulikana. Kutoka sita hadi mabilioni kulihitaji jambo la ziada, yaani kupata mwinamo wa kila namba bila kurudia hesabu nzima kwa kila moja. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walionyesha jinsi mtandao wenye tabaka nyingi unavyofunzwa kwa kulirudisha kosa nyuma, kutoka kwenye jibu, tabaka baada ya tabaka, mpaka kila namba ijue mchango wake. Miinamo yote hupatikana kwa safari moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Ukungu una hatari zake. Mlima wa bodaboda una bonde moja, kwa hiyo popote utakapoanzia utaishia 500. Mlima wa mtandao mkubwa una mabonde mengi, na mtembezi anaweza kutulia kwenye kibonde cha juu akadhani amefika. Kwa muda mrefu watu waliogopa sana jambo hilo. Siku hizi wengi huona kwamba kinachosumbua zaidi kwenye milima yenye pande nyingi ni vipito: mahali palipo tambarare kwa sababu ni chini ukitazama pande fulani na juu ukitazama nyingine. Mwinamo hapo ni karibu sifuri, hatua zinafifia, na mchoro wa kosa unalala kana kwamba kazi imekwisha. Msaada hutoka mahali usipopatarajia. Kwa kuwa mifano ya kujifunzia ni mingi mno, kila hatua hupigwa kwa kutazama kijisehemu tu kilichookotwa bila mpango, na mwinamo unaopatikana ni wa kukadiria. Mtembezi anapepesuka kidogo, na kupepesuka huko mara nyingi humtoa kipitoni.

Mimi naona uamuzi mzito kuliko yote hufanywa kabla ya hatua ya kwanza, pale mtu anapochagua kipimo cha kosa. Mtembezi hajui nauli ni kitu gani. Anajua kushuka tu, na atashuka kwenye mlima wowote atakaopewa. Tuseme yule wa kilomita 1 alisafiri usiku wa manane kwenye mvua kubwa akatozwa 2,700. Kwa kipimo cha kuzidisha kosa kwa lenyewe, safari hiyo moja inalihamisha bonde kutoka 500 hadi 650, kwa sababu kosa kubwa likizidishwa kwa lenyewe hulemea mengine yote. Kama tungehesabu kila potoko lilivyo, kwa shilingi zake bila kulizidisha, bonde lingekuwa 533 kabla ya mvua na 533 baada ya mvua. Gharama yake ni kwamba mteremko wa kipimo hiki haupoi ukikaribia bonde, hivyo ni lazima mtu mwenyewe azifupishe hatua kadiri safari inavyoendelea.

Turudi kwenye safari tatu za mwanzo, bila mvua, tumfikirie abiria anayetaka kujua abebe pesa kiasi gani. Kubaki na chenji hakumsumbui sana. Kupungukiwa mbele ya dereva kunamwumbua. Basi tukipime kipimo kwa hali yake: kila shilingi ya kupungukiwa ihesabiwe kama 9, na ya kuzidi kama 1. Bonde sasa liko kwenye 600, na abiria anaambiwa abebe 600, 1,200 na 1,800 kwa safari zilizogharimu 600, 800 na 1,600. Hakuna aliyepungukiwa, ingawa wawili wamebeba zaidi ya walichohitaji, na kwa kipimo cha Legendre bei hiyo ingehesabiwa kuwa mbaya kuliko 500.